Shilingi ya Utafiti na Shilingi ya Uendelezaji

Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 38, IAS 38, hugawa kazi ya kubuni bidhaa mpya katika hatua mbili. Utafiti ni kusaka maarifa mapya. Uendelezaji ni kuyatumia maarifa hayo kusanifu bidhaa au mtambo kabla haujaanza kuzalisha kibiashara. Gharama za utafiti huondolewa kwenye faida ya mwaka uleule, kwa kuwa katika hatua hiyo haijulikani kama kitapatikana chochote cha kuuzwa. Gharama za uendelezaji huingizwa kwenye mizania kama mali isiyoshikika, masharti sita yakitimia yote: bidhaa iwezekane kitaalamu, kampuni ikusudie kuikamilisha, iweze kuitumia au kuiuza, faida ya baadaye ionekane, fedha na nyenzo za kumalizia ziwepo, na gharama zipimike kwa uhakika.

Swali la mtihani laweza kuwa hivi. Kampuni inayofunga hesabu tarehe 31 Desemba inabuni jiko la sola. Januari hadi Machi 2024 ilitumia shilingi milioni 40 kuchunguza malighafi zinazotunza joto. Aprili hadi Agosti ilitumia milioni 50 kusanifu na kuunda jiko la majaribio. Tarehe 1 Septemba majaribio yalifaulu, fedha za kumalizia zikapatikana, na masharti yote yakatimia. Kuanzia hapo hadi Desemba zilitumika milioni 60, na ndani yake milioni 6 zilikuwa za kuwafundisha wafanyakazi.

Milioni 40 ni utafiti, hivyo ni gharama ya mwaka. Mtego uko kwenye milioni 50. Kazi hiyo ni uendelezaji, lakini ilifanyika kabla masharti hayajatimia, kwa hiyo nayo ni gharama ya mwaka. Kufaulu kwa majaribio baadaye hakuirudishi kwenye mizania. Mafunzo ya wafanyakazi pia hayahesabiwi kuwa sehemu ya mali. Basi mali ni milioni 54, na gharama ya mwaka 2024 ni milioni 96. Jumla ni milioni 150, sawa na fedha zote zilizotumika.

Mwaka 2025 kampuni iliongeza milioni 30 za uendelezaji, na jiko likawa tayari tarehe 30 Juni. Mali sasa ni milioni 84. Thamani yake huanza kupunguzwa siku inapokuwa tayari kutumika, hata kama mauzo hayajaanza. Ikikadiriwa kudumu miaka 7, makato ni milioni 12 kwa mwaka. Kwa nusu ya pili ya 2025 ni milioni 6, na mizania ya Desemba huonyesha milioni 78.

Pale kampuni inaposhindwa kutenganisha hatua hizo mbili, fedha zote huhesabiwa kuwa za utafiti.