Jino likiacha kuuma, limepona? Kweli na uongo kuhusu eksirei ya meno

Daktari wa meno ameweka picha yako kwenye skrini na anaonyesha kwa ncha ya kalamu: hapa jino limetoboka, hapa mfupa umepungua, hapa kuna maambukizi kwenye mzizi. Wewe unaona kijivu juu ya kijivu, na kichwani yanapita maneno uliyoyasikia tangu utotoni. Hebu tuyapime.

Kwanza ujue picha hii inasoma nini. Eksirei inaonyesha madini. Penye madini mengi mionzi huzuiwa na panatokea peupe; penye madini machache hupita na panatokea peusi. Kwa hiyo enameli, lile ganda gumu la nje, huwa nyeupe sana. Dentini iliyo chini yake ni ya kijivu, na kiini cha jino, chenye neva na mishipa ya damu, ni cheusi. Maumivu hayana madini, kwa hiyo hayapigwi picha.

"Jino likiacha kuuma limepona."

Si kweli. Katika imani zote za meno, hii ndiyo inayonitia hofu zaidi.

Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 45. Gego lake la kwanza la chini, upande wa kulia, lilimkesheza kwa siku kadhaa, kisha likanyamaza. Miezi mitatu imepita na anatafuna kama kawaida, ila akiuma kitu kigumu anahisi kama jino hilo limerefuka kidogo. Picha inapigwa. Ubavuni mwa gego, pale linapogusana na jirani yake, kuna weusi uliopenya enameli, ukavuka dentini na kufika kwenye kiini. Ukishuka hadi ncha ya mzizi, utaona duara jeusi lenye upana wa milimita 5 hivi. Kwa kawaida mzizi huzungukwa na mstari mweupe mwembamba wa mfupa; hapa mstari huo umekatika.

Mambo yalikwenda hivi. Bakteria walipofika kwenye kiini, kilivimba ndani ya chumba chenye kuta ngumu zisizotanuka, na hayo ndiyo yaliyokuwa maumivu ya usiku. Kisha kiini kikafa, na neva iliyokufa haiumi. Bakteria hawakuondoka. Sumu zao zilitokea kwenye ncha ya mzizi, mwili ukajihami, na katika mapambano hayo mfupa ukayeyuka kidogo kidogo. Kama usaha umejitafutia njia ya kutokea kwenye fizi, utaona kipele kidogo kinachopasuka na kurudi, na maumivu hayatakuwapo kwa sababu hakuna shinikizo.

Daktari haamini picha peke yake. Analigusa jino kwa pamba yenye baridi kali. Meno ya jirani yanashtuka. Hili halisikii kitu. Analigonga polepole kwa mpini wa kifaa, na hapo linauma kidogo. Sasa ana uhakika kwamba kiini kimekufa, ingawa picha haiwezi kumwambia kama ndani ya lile duara kuna usaha, nyama ya uvimbe au kifuko cha majimaji.

"Vidonge vya antibiotiki vitalimaliza jipu."

Si kweli. Dawa husafiri kwa damu, na kiini kilichokufa hakina damu tena. Vidonge vinaweza kuhitajika pale uso unapovimba au homa inapopanda, lakini chanzo hubaki ndani ya jino. Njia ni mbili: kusafisha mifereji ya mzizi na kuijaza, au kung'oa. Uvimbe ukishuka shingoni, au ukishindwa kumeza, kupumua vizuri au kufungua mdomo, nenda hospitali saa hiyohiyo.

"Karafuu inatuliza jino."

Kweli, na wazee wa Pemba na Unguja wanastahili heshima yao. Mafuta ya karafuu yana eujeno, ambayo hutia ganzi na kupunguza maumivu. Madaktari wa meno wenyewe wameichanganya na oksidi ya zinki kwa miaka mingi kuziba meno kwa muda. Ila itumie kufika kliniki, kwa sababu karafuu haifiki kwenye ncha ya mzizi.

"Meno kulegea ni uzee tu."

Si kweli. Meno hulegea kwa sababu mfupa unaoyashika umeliwa, na umri hutoa tu muda wa kutosha kwa jambo hilo kutokea.

Turudi kwenye picha ya gego lile. Katikati ya meno mawili, ukingo wa mfupa unatakiwa uwe milimita 1 hadi 2 chini ya pale ganda la enameli linapoishia. Kwake uko milimita 5 chini, maana yake takriban milimita 3 zimepotea. Pembeni mwa mzizi kuna vijiti vidogo vyeupe vilivyochomoza: huo ni ugaga, yaani utando wa bakteria uliogeuka mawe. Fizi huvimba kwa sababu yake, hutoa damu unapopiga mswaki, na mfupa hurudi nyuma polepole bila kuuma. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa huharakisha kazi hiyo.

Hapa nakuomba usikilize kwa makini, maana mapengo haya mawili ya mfupa hayafanani. Lile duara kwenye ncha ya mzizi, mifereji ikisafishwa vizuri, mara nyingi hujaa mfupa tena. Daktari hupiga picha nyingine baada ya miezi 6 hadi 12 ili aone linavyopungua. Mfupa uliopotea ukingoni, kwa sehemu kubwa, haurudi. Kukwangua ugaga kunasimamisha hasara, hakurudishi kilichokwenda. Ndiyo maana damu kwenye mswaki ni ya kushughulikiwa mapema.

"Kila penye weusi pameoza."

Si kweli. Shingo ya jino mara nyingi hutoa kivuli cheusi kwa sababu mionzi hupita kirahisi pale enameli inapoisha na mfupa haujaanza. Tena kwenye taya la chini, karibu na mizizi ya magego madogo, kuna tundu la asili ambapo neva ya mdomo hutokea. Likiangukia juu ya ncha ya mzizi, linafanana kabisa na jipu. Daktari hupiga picha nyingine kwa pembe tofauti: tundu litahama kutoka kwenye mzizi, jipu litabaki nao. Kama ni tundu tu, jino hilo pia litashtuka kwa baridi. Ukiambiwa jino lisilokusumbua lina jipu, una haki ya kuuliza kama limepimwa kwa baridi.

"Picha ikiwa safi, jino ni zima."

Nusu kweli. Sehemu kubwa ya madini, takriban theluthi moja au zaidi, lazima ipotee mahali fulani kabla weusi haujaonekana, kwa hiyo kuoza kunakoanza hujificha. Jipu jipya linalouma vibaya linaweza lisionekane siku za mwanzo, kwa kuwa mfupa haujapata muda wa kuyeyuka. Ufa mwembamba nao hupotea kwa urahisi.

"Mionzi ya picha ya jino ni hatari."

Si kweli kwa picha inayohitajika. Picha moja ndogo ya kisasa hutoa mionzi isiyozidi sana ile unayoipata kwa siku moja kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Mjamzito mwenye jipu naye anaweza kupigwa picha, kwani mionzi huelekezwa kwenye taya, na maambukizi yaliyoachwa ni hatari kubwa zaidi kwake. Mwambie daktari tu kwamba una mimba, ili apige zile zinazohitajika sasa na zilizobaki zisubiri.