Picha ya Risiti Mfukoni mwa Koti

Risiti iliyosahaulika mfukoni ni kisa cha kawaida mno. Mume kafua suruali yake mwenyewe kwa haraka, mke kashangaa, kaingiza mkono mfukoni, na ugomvi ukaanza. Wasimulizi wengi wamekwisha kupita njia hiyo. Lakini hebu tuibadili kidogo: mwanamke anakuta mfukoni mwa koti si risiti, bali picha ya risiti, imesafishwa studio kwenye karatasi ngumu ya picha. Hapo hadithi fupi inapata nguvu mpya, kwa sababu moja tu. Risiti husahaulika, ila picha yake haisahauliki. Mtu aliiweka risiti mahali penye mwanga, akaipiga, akalipa isafishwe, akaificha. Alitaka idumu.

Kwa nini mtu afanye hivyo? Jibu liko kwenye karatasi yenyewe. Risiti za mashine za kodi, zile ambazo wafanyabiashara wa Tanzania walianza kutakiwa kuzitumia mwaka 2010, nyingi hazitumii wino. Karatasi yake imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikiguswa na joto, na mashine huandika kwa kuichoma kidogo kidogo. Kinachoandikwa kwa joto huharibiwa na joto. Iache kwenye dashibodi ya gari, ipake mafuta ya mikono, ibane kwenye pochi ya plastiki, na baada ya muda unabaki na kijikaratasi cheupe kama hakikuwahi kusema neno. Ndiyo maana wahasibu wenye busara hutoa nakala ya kila risiti. Mtunzi anayelijua jambo hili hahitaji kubuni sababu ya ajabu ya kuwepo kwa picha.

Nitunge kisa, tukione kinavyofanya kazi. Bi Rukia, mjane wa Tanga, amemaliza eda yake ya miezi minne na siku kumi. Anagawa nguo za marehemu. Limebaki koti jeusi, lile la kuvaliwa juu ya kanzu siku za Idi na arusi. Koti ni chaguo zuri kwa mtunzi wa pwani, maana huku halivaliwi kila siku. Kilichomo mfukoni kinaweza kukaa miaka bila kuguswa. Mfuko wa ndani, upande wa moyo, una picha.

Risiti iliyopigwa picha inasema hivi: duka la vifaa vya ujenzi, Muheza. Tarehe 12 Machi 2014, saa 10:42, yaani saa nne na dakika arubaini na mbili asubuhi. Mabati 30 ya geji 30, misumari ya bati kilo 4. Jumla shilingi 556,000. Sehemu ya jina la mteja ni tupu.

Angalia Bi Rukia anavyoisoma, maana hapa ndipo hadithi ilipo. Anaikumbuka Machi ile: mumewe alimwambia yuko Dar es Salaam. Kumbe alikuwa Muheza, mwendo mfupi kutoka nyumbani. Mabati thelathini hayaezeki jumba. Yanaezeka nyumba ya vyumba viwili vitatu. Na Machi ni mwezi wa watu kukimbizana na masika. Kwa hiyo kulikuwa na mtu mahali fulani ambaye mumewe hakutaka avujiwe na mvua. Msomaji keshafika kwenye mke wa pili, na Bi Rukia naye keshafika. Mtunzi hakusema uongo hata mara moja. Risiti haisemi nani alilipa wala kwa ajili ya nani; inataja kitu, mahali, saa na bei, na mengine anaongeza mwenye kuisoma kwa hofu aliyokuwa nayo tangu zamani.

Ujanja huu si mpya. Mwandishi Mfaransa Guy de Maupassant aliutumia mwaka 1883 katika hadithi yake fupi kuhusu vito. Karani mmoja wa serikali anafiwa na mke aliyependa mikufu ya bandia. Akibanwa na njaa, anapeleka mkufu mmoja sokoni, na sonara anamwambia ni wa kweli. Karani hasadiki. Sonara anafungua daftari zake: mkufu ulipelekwa nyumbani kwa karani huyo huyo, kwa jina la mkewe, tarehe kadhaa. Daftari halikumtaja aliyelipa, na pengo hilo ndilo linalomwangusha mume. Mimi huona daftari la sonara lina ukatili kuliko barua ya mapenzi. Barua ina moyo, inaweza kubishiwa. Daftari la duka halimjui mtu.

Ila daftari la sonara lina kitu kimoja ambacho picha inakizidi. Picha haichukui risiti peke yake. Huchukua na kilicho chini yake na kando yake: kidole gumba kilichoibana isipeperuke, kivuli cha mpigaji, kitambaa cha meza. Watunzi wengi wakipata picha huitumia kama karatasi tu, wakaacha nusu ya utajiri wake.

Bi Rukia anaitazama tena usiku, siku ya tatu. Risiti imelazwa juu ya mkeka. Kwenye ukingo wa picha kuna ukili uliosukwa kwa mistari ya zambarau, na mahali pamoja mstari umekosewa, umerukwa. Mkeka huo anaujua. Mama yake aliusuka macho yakiwa yameanza kufifia, na kosa lile walilicheka pamoja. Kumbe picha ilipigwa Pangani, nyumbani kwa mama.

Asubuhi anapanda gari.

“Mama, hili paa lako aliliezeka nani?”

“Si kaka yako? Wewe mwenyewe ulimpa pesa za upatu.”

“Nilimpa. Nakuuliza aliyeezeka.”

Mama ananyamaza, anavuta mtandio. “Mumeo aliniomba nisikwambie, mwanangu. Kaka yako zile pesa zilimponyoka. Alisema atazirudisha.”

Sasa kila namba kwenye risiti inabadilika maana bila namba yenyewe kubadilika. Shilingi 556,000 zilikuwa ushahidi wa usaliti. Sasa ni deni. Marehemu alilificha ili mke asigombane na ndugu yake, ila alihifadhi ushahidi wake, kwa maana kusamehe hakusamehe. Hilo la pili ndilo lililonivutia mimi. Mume asingekuwa na picha, angekuwa malaika tu, na malaika hawana hadithi. Aliyejifunza hisabati za mirathi anajua pia kwamba mali aliyokuwa akiwadai watu marehemu ni sehemu ya urithi wake. Picha ile si kumbukumbu; ina wadai wapya, na mmoja wao ni Bi Rukia.

Ziko hatari. Mtunzi akiiweka hadithi miaka hii, msomaji atauliza mbona mwanamke haskani ule msimbo wa mraba ulio chini ya risiti akaikagua kwenye mtandao wa mamlaka ya kodi. Akiisogeza miaka ya themanini, risiti itakuwa ya mkono, nakala ya karboni, na sababu ya kuipiga picha inapotea. Na asimpe duka mhudumu mwenye kukumbuka sura ya mteja wa miaka kumi iliyopita. Hakuna mhudumu wa namna hiyo.

Inabaki kuamua pa kukomea. Maupassant aliendelea mpaka karani alipouza vito vyote, akaacha kazi na kuoa tena. Mimi ningekoma mapema zaidi. Kaka anakuja Tanga kwa kikao cha mirathi, kama msimamizi wa dada yake. Bi Rukia anamtandikia mkeka ule wa mistari ya zambarau, ameuomba kwa mama. Anamwekea kahawa, na chini ya kisahani picha, uso chini. Kaka ananyanyua kikombe, anapuliza, anakunywa funda la kwanza.