Bomba Linaloning'inia Lina Urefu Gani?

Tuseme kikundi chenu kinavusha bomba la maji juu ya korongo la mita 20, nalo linalegea mita 2 katikati. Gawanyeni korongo mara nne, mita 5 kila sehemu. Kutoka ukingoni bomba hushuka mita 1.5, halafu 0.5, kisha hupanda vivyo hivyo. Vipande vya mshazari:

√(25 + 2.25) = 5.22
√(25 + 0.25) = 5.025

Jumla ya vinne ni mita 20.49. Urefu halisi ni karibu 20.52, maana vipande vilivyonyooka hukata kona. Vikiwa vifupi zaidi, kosa hupungua.

Basi kwa nini hatupati jibu kamili? Shida ni kipeuo: hakigawanyiki kwenye kujumlisha. Mkunjo huu una kanuni ndefu. Duaradufu haina kabisa ya kawaida, hivyo tunakadiria.