Siku ya kwanza jim: namna ya kuanza bila haya

Saa kumi na mbili jioni, jim nyingi za Bukavu zinakuwa zimejaa. Muziki uko juu, vijana wamesimama mbele ya kioo, vyuma vinagongana. Mama mmoja mwalimu, mkaaji wa Kadutu, aliingia ndani saa hiyo hiyo. Muuguzi alikuwa amemwambia kwamba sukari yake ya damu imeanza kupanda, na kwamba aanze mazoezi pamoja na kupunguza vyakula fulani kabla ya kufikia dawa. Akalipa mwezi mzima. Alipanda velo ile ya kukaa sehemu moja, akakanyaga dakika kumi, halafu akachukua mfuko wake na kurudi nyumbani.

"Nilikuwa naona sawa vile watu wote wananiangalia miye tu," anaeleza. "Sikujua niende wapi, sikujua nishike nini. Nikaona haya, nikatoka."

Feza ya mwezi ilikuwa imeshatoka, na sukari haingengoja. Kwa mtu kama yeye misuli ina kazi kubwa: inapofanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu na kuitumia. Ndiyo maana kuacha siku ya kwanza kulikuwa hasara mara mbili.

Je, kweli watu wote walikuwa wanamwangalia? Mwaka wa 2000, watafiti wa Marekani, mmoja wao Thomas Gilovich wa chuo kikuu cha Cornell, walichapisha jaribio moja rahisi. Waliwavalisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji ambaye vijana waliona haya kumvaa, kisha wakawaingiza mmoja mmoja katika chumba chenye wenzao. Baadaye waliuliza kila mmoja: unafikiri ni wangapi walitambua picha yako? Waliovaa walikisia karibu nusu. Ukweli ni kwamba walioitambua walikuwa karibu robo tu. Mtu anajiona mwenyewe kwa karibu sana, basi anafikiri na wengine wanamwona hivyo. Ndani ya jim ni vile vile: anayebeba chuma kizito anahesabu pumzi yake, na aliye mbele ya kioo anajiangalia mwenyewe.

Lakini kujua hivyo peke yake hakuondoe haya. Ukisikiliza vizuri maneno ya yule mama, utaona kilichomfukuza zaidi: hakujua aende wapi wala ashike nini. Mtu asiye na kazi mkononi katikati ya watu wenye kazi lazima ajisikie mgeni. Dawa yake ni kuingia na mpango mdogo uliokwisha kuandikwa.

Wiki iliyofuata alirudi, na safari hii alibadilisha mambo matatu.

Kwanza ni saa. Alipita siku moja mchana, bila nguo za mazoezi, akamuuliza kocha ni saa gani watu wanakuwa wachache. Jibu lilikuwa: baada ya saa nane mchana, mbele wafanyakazi hawajatoka kazini. Saa hiyo masomo yake yamekwisha. Siku hiyo hiyo kocha akamuonyesha mahali pa kuweka mfuko, mahali vyuma vinakaa, na namna ya kurekebisha kiti cha velo.

Pili ni pembe moja. Mgeni akijaribu kuzunguka mashine zote anachoka na kuchanganyikiwa, na kila mashine inamletea maswali mapya. Mama mwalimu alichagua benchi moja ya pembeni na vyuma viwili vidogo vya mkono, vile watu wanaita alteri, kila kimoja kilo tatu. Hapo alifanya kazi yake yote, bila kutembea-tembea.

Tatu ni karatasi. Kocha alimwandikia mazoezi matatu tu. La kwanza, kukaa kwenye benchi na kusimama tena, alteri moja ikiwa imeshikwa kifuani kwa mikono miwili. La pili, kuinama mkono mmoja ukiegemea benchi, na mkono mwingine unavuta alteri kuelekea kiuno, halafu kubadilisha. La tatu, kusukuma ukuta kwa mikono miwili, mwili ukiwa umenyooka kama ubao. Kila zoezi mara kumi, apumzike dakika moja, arudie tena mara kumi. Mbele ya hayo, dakika tano za velo polepole kwa kupasha mwili moto. Yote yanaisha kwa nusu saa, siku mbili kwa juma, na siku za kupumzika katikati.

Atajuaje kama uzito unamfaa? Akifika mara ya kumi, aone kwamba angeweza kuongeza mbili au tatu tu. Kama angeweza kuongeza kumi, chuma ni chepesi. Kama mgongo unapinda au anaziba pumzi ili amalize, ni kizito, akirudishe. Pumzi itoke wakati wa kusukuma au kusimama. Kuiziba kunapandisha tansyo. Hapa ndipo wageni wengi wanakosea: juu ya kuogopa kuchekwa na alteri ndogo, wanachukua kubwa, na kesho yake hawawezi kuinua mkono. Misuli kuuma kidogo siku moja au mbili ni kawaida. Maumivu makali kwenye goti, bega ao mgongo si kawaida, na zoezi hilo lisimame.

Siku moja alikuta kijana amekalia benchi yake. Zamani angerudi nyumbani. Alimuuliza tu:

"Kijana yangu, unabakisha seri ngapi?"

"Mbili, mama. Kuja tubadilishane."

Swali hilo ni la kawaida kabisa jim, na anayeliuliza anaonekana kama mwenyeji. Kuna adabu zingine mbili za namna hiyo: kupangusa benchi kwa taulo ukimaliza, na kurudisha vyuma mahali ulivitoa. Na mtu asisimame karibu sana mbele ya safu ya alteri, sababu wengine wanashindwa kuchukua zao.

Kuna pia haya ambayo haitoki ndani ya kichwa. Kama mtu anamfuata mwanamke kwa macho, anamrushia maneno, ao anamgusa kwa kisingizio cha kumfundisha, hilo ni kosa la yule mtu, si woga wa mgeni. Hapo aambiwe kocha ao mwenye jim, na wasipofanya kitu, ni haki kuhamia kwingine ao kwenda na rafiki. Na mwenye kutumia dawa za sukari aongee na muganga mbele ya kuanza, kwa kuwa sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Awe na kitu kitamu mfukoni. Anayesikia kifua kubana ao kizunguzungu asimame mara moja na kutafuta msaada.

Baada ya mwezi, mama mwalimu alifanya mara kumi na mbili katika seri zote mbili bila taabu, na kocha akamwongezea kilo moja. Alibakia kwenye pembe ile ile. Siku hizi anafika hata saa kumi na moja jioni, watu wakiwa wengi.

"Wanaangalia ama hawaangalie, sijue," anasema. "Niko nahesabu."