Kila Kiporo na Siku Yake

Siku ikivurugika, wengi wetu hukimbilia njia moja: kazi zote zilizokwama tunazisukumia kesho. Lakini kesho nayo ina kazi zake. Tukishindwa kuzimaliza zote tunasukumia keshokutwa, na kufikia Ijumaa dharura ya siku moja imeshakula wiki nzima.

Ratiba ya Ligi Kuu ya Tanzania haipangwi hivyo. Simba au Yanga ikibanwa na mashindano ya Afrika, mchezo wake wa ligi unaweza kuahirishwa ukawa kiporo, kisha ukatafutiwa tarehe yenye nafasi. Hakuna anayeichezesha timu mechi mbili siku moja ili kufidia.

Tumchukue fundi cherehani anayefungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 12 jioni. Akitoa muda wa kupokea wateja, kuchukua vipimo, kula na kusali, hubaki na saa 7 za kazi yenyewe. Jumanne mtoto wake anaamka na homa, na siku inaishia hospitali. Kazi 5 zimekwama: gauni la sendofu ya Jumamosi, saa 2, sare za shule, saa 2, na shule zinafunguliwa Jumatatu, suruali ya kupunguza urefu, nusu saa, ambayo mwenyewe anasafiri nayo Alhamisi alfajiri, kitenge cha mteja asiye na haraka, saa 1 na nusu, na safari ya kununua zipu na vifungo, saa 1.

Jumla ni saa 7. Jumatano tayari ana kazi za saa 6, kwa hiyo akisukumia zote huko atakuwa na saa 13 ndani ya siku ya saa 7. Hata akikesha, mishono itapinda na atalazimika kufumua.

Usiku ule, mtoto akishalala, anachukua karatasi. Swali la kwanza ni lini kila kazi inahitajika kweli, wala si lini aliipanga. Suruali haina ujanja, inaingia Jumatano. Gauni ni la Jumamosi, lakini mwenye nguo lazima alijaribu Ijumaa ili kama kiuno kimelegea kuwe na muda wa kurekebisha. Kwa hiyo linashonwa Alhamisi, siku yenye kazi za saa 4 tu. Sare zinakwenda Ijumaa, ambayo nayo ina saa 4. Kitenge kinasogea hadi Jumanne ijayo. Safari ya dukani inafutwa: anampigia muuzaji, mzigo unaletwa na bodaboda.

Sasa Jumatano ina saa 6 na nusu, Alhamisi 6, Ijumaa 6. Kila siku imebakiwa na upenyo, na upenyo huo asiujaze, maana homa ya mtoto inaweza kurudi.

Linabaki jambo la moyoni. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, waliwachunguza wanafunzi walioahirisha kujisomea kabla ya mtihani wa kwanza. Waliojisamehe walipunguza kuahirisha walipojiandaa na mtihani uliofuata. Anayejilaumu huanza kuiogopa kazi yenyewe, akaikwepa tena. Kama hata wale walioahirisha wenyewe walifaidika kwa kujisamehe, mzazi aliyekuwa hospitali na mwanawe hana sababu ya kujihukumu.

Lakini kujisamehe hakumwondolei deni la kumtaarifu mteja, na taarifa hiyo itoke kabla ya siku ya ahadi: “Dada, kitenge chako kilikuwa cha jana, mtoto akaugua. Nitakishona Jumanne, uje Jumatano. Itakufaa?” Wateja wengi huudhika zaidi wanapofika dukani na kukuta kitambaa hakijaguswa.

Zipo dalili mbili za kuangalia. Kiporo kikisogezwa mara ya tatu, tatizo si muda tena. Huenda kazi ni kubwa mno kwa mkao mmoja, basi igawanywe: leo kukata, kesho kushona. Au huenda hajui aianzeje, kama mshono ambao hajawahi kuushona. Hapo cha kupangia siku ni kwenda kumuuliza fundi mwenzake. Na kama hataki kabisa kuifanya, amrudishie mteja kitambaa mapema.

Dalili ya pili ni ratiba kuanguka kila wiki hata pasipo dharura. Hapo ajumlishe saa za kazi alizopokea. Zikizidi saa alizonazo, hakuna upangaji utakaomwokoa. Apunguze oda, au amwambie mteja mpya tangu mwanzo kwamba nafasi iliyopo ni ya wiki ijayo.