Siti ya duka Kolwezi: React ya nini?

Je, duka la vipuri la Kolwezi lenye bidhaa 30 na kitufe cha kugeuza bei za dola kuwa faranga linahitaji fremuweki? Hapana. Mistari michache ya JavaScript inatosha: kila bei inazidishwa kwa kiwango cha siku. React inaongeza zaidi ya kilobaiti 40, hata zikiwa zimebanwa, na megabaiti zinalipwa na mteja.

Basi inahitajika lini? Pale kikapu, stoki na jumla vinapobadilika pamoja. Dalili yake ni hii: mteja anaondoa betri moja kikapuni, jumla inashuka, lakini hesabu iliyo juu ya ukurasa inabaki 3. Fundi akilazimika kurekebisha sehemu tatu kwa kila badiliko, hapo fremuweki inampunguzia kazi.