Friza Inanguruma, Kuku Wanayeyuka

"Fundi, friza yangu haigandishi, utanitengenezea kwa bei gani?" Mafundi wa friji hupata ujumbe wa namna hii kila mara, na anayeujibu kwa kutaja bei papo hapo anabahatisha. Huenda kilichokufa ni kifaa kidogo cha kubadilisha kwa nusu saa. Huenda pia bomba limetoboka ndani ya ukuta, mahali pasipoonekana.

Tuchukue mfano wa mwenye duka la kuku na samaki jijini Mwanza. Asubuhi anafunua mfuniko na kukuta kuku wamelegea, maji mekundu yametuama chini. Kabla ya kumwandikia fundi, anasikiliza. Kompresa ikivuma sekunde chache, ikalia "ta!", ikanyamaza dakika kadhaa na kurudia, mara nyingi kasoro ni ya umeme: relei imeungua, au volti zimeshuka mno. Yake haifanyi hivyo, inanguruma mfululizo usiku kucha. Anapitisha kiganja kwenye kuta za ndani. Pembe moja ina barafu nene, lakini kwingine kote pana jasho tu.

Hapo ameshapata la kuandika, na barua yake inakuwa hivi:

"YAH: OMBI LA MAKADIRIO YA GHARAMA ZA KUTENGENEZA FRIZA

Ndugu Fundi, salaam. Friza yangu ya lita 300 imeacha kugandisha tangu Jumanne. Kompresa inafanya kazi bila kupumzika, lakini barafu inaota pembe moja tu. Kibandiko cha nyuma kinasema R600a, gramu 75. Mwaka jana ilijazwa gesi, ikagandisha miezi minne, kisha ikaanza kudhoofika. Naomba uniandikie gharama ya ukaguzi, ya vifaa, ya gesi na ya ufundi, kila moja peke yake, pamoja na muda wa dhamana. Naomba pia kujua utatafutaje panapovuja kabla ya kujaza. Tafadhali usianze kazi kabla hatujakubaliana bei."

Sentensi yenye uzito kuliko zote humo ni ile ya miezi minne. Gesi ya friza haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Inazunguka humo humo kwenye mabomba yaliyofungwa, miaka na miaka. Ikipungua, imevuja. Kwa hiyo fundi anayejaza bila kuziba tundu anauza miezi mingine minne, na mwenye duka atalipia gesi ile ile mara ya pili na ya tatu.

Barafu ya pembe moja nayo inasimulia jambo hilo hilo. Gesi ikiwa pungufu, ile iliyobaki inamaliza ubaridi wake kwenye mizunguko ya mwanzo ya bomba na haifiki mbele. Kapilari iliyoziba kiasi, yaani kale kabomba kembamba kanakopitisha gesi, inaweza kuleta dalili za kufanana, ndiyo maana ukaguzi unabaki kuwa wa lazima hata barua iwe nzuri namna gani.

Namba ya kibandiko inamwambia fundi aje na nini. R600a inashika moto, na kuchomelea bomba ambalo bado lina gesi hiyo ni hatari ya kweli, hasa katika chumba cha duka kisicho na dirisha. Tena kiasi chake ni kidogo sana. Gramu 75 hupimwa kwa mizani. Anayejaza kwa kutazama geji peke yake huzidisha kwa urahisi, maana upande wa kunyonya wa friza ya R600a nzima kabisa unaweza kusoma chini ya sifuri. Na kompresa iliyoundwa kwa R600a haifai kujazwa R134a eti kwa sababu ndiyo iliyopo stoo.

Fundi anayejua kazi ataijibu barua hii kwa bei mbili. Kwanza anataja ada ya kuja kupima: atatoa gesi iliyobaki, ataingiza naitrojeni kwa shinikizo, kisha atapaka povu la sabuni kwenye viungo vya nje. Povu likichemka, tundu limepatikana. Bei ya kwanza basi ni ya kuziba hapo, kubadilisha filta, kunyonya hewa na unyevu kwa pampu, na kupima gesi mpya.

Bei ya pili ni ya siku mbaya. Geji inashuka, lakini viungo vyote vya nje vikavu. Tundu liko nyuma ya sponji ya ukuta, na mara nyingi dawa ni kuzungusha bomba jipya ndani ya friza. Kazi hiyo inakula nafasi ya kuku na gharama yake ni kubwa. Mwenye duka akiwa na bei zote mbili mkononi, anaweza kuzilinganisha na bei ya friza nyingine kabla fundi hajafungua skrubu hata moja.